Jumapili Mlango wa Kilombwe Ulipofunguliwa

Baba yangu, Isaïe Kitwa, alizaliwa kwenye kambi ya reli ya Kamina mwaka ule garimoshi lilipokuwa bado jambo la kukimbilia kutazama. Baba yake alikuja kutoka Kasai na kikosi cha kutandika reli, akabaki. Isaïe alikua akisikia maji kuliko kitu kingine: maji yakivutwa na pampu kupanda kwenye tangi refu la stesheni, maji yakimwagwa katika matumbo ya injini za mvuke. Alipofika miaka kumi na saba aliwekwa kwenye pampu hiyo. Huko alijifunza valvu, mabomba, na nguvu ya maji yaliyoinuliwa juu. Alikuwa akiniambia kwamba mtu aliyewahi kupigwa kifuani na maji ya tangi la stesheni hawezi tena kuyaita maji kitu laini.

Ndiyo sababu kampani ilipomaliza kujenga ukuta wa kuzuia maji kwenye mto Kilombwe, mwaka 1951, ilimchukua yeye. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa juu wa ukuta na kusoma kimo cha maji mara nne kwa siku.

Mimi ni bintiye wa pili, Léonie. Nilikuwa na miaka minane wakati wa mambo ninayoyaeleza. Mengine niliyaona, mengine nimeyapata kwa baba na kwa mama yangu Salomé, ambao kila mmoja aliyaeleza kwa namna yake mpaka mwisho wa maisha yao.

Ukuta ule uliziba mto mahali ambapo milima miwili inakaribiana. Nyuma yake maji yalipanda yakawa ziwa. Upande wa kushoto, ambako mlima ulikuwa chini kidogo, waliendeleza ukuta kwa tuta refu la udongo ulioshindiliwa. Kutoka ukutani bomba kubwa la chuma, mtu mzima angeweza kutembea ndani yake akiinama, lilishuka na mlima kiasi cha kilomita mbili mpaka kwenye nyumba ya mashine. Kule chini maji yalitoka bombani na nguvu yote ya ule mteremko, yakapiga gurudumu la chuma, gurudumu likazungusha mashine ya umeme, kisha yakarudi mtoni yakiwa yametulia. Umeme wenyewe ulipanda kwenye nyaya, ukavuka pori mpaka Kamina: stesheni, karakana, hospitali, nyumba za Wazungu. Kwetu sisi bado ilikuwa taa ya petroli.

"Mayi haikwishi," maji hayaishi, baba alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kiswahili cha kwetu. "Inapita tu. Kile tunakamata ni uzito yake ikianguka."

Hilo lilikuwa kweli, na watu wa kampani walipenda kulirudia. Lakini maji yanayopita si sawa na mto, na wa kwanza kuligundua walikuwa watu wa kijiji cha Mwadi, chini ya nyumba ya mashine, kijiji cha mama yangu.

Ziwa lilipokuwa linajazwa, mto wao ulikonda kwa majuma mengi mpaka watoto wakavuka bila kulowesha magoti. Baadaye maji yalirudi, ila yalikuja kwa saa. Taa zikiwashwa Kamina na karakana ikifanya kazi, gurudumu linalemewa. Mtambo unaolinda mwendo wake unafungua vibao vya kuingizia maji, maji mengi zaidi yanapita, na Mwadi mto unapanda. Taa zikizimwa, mto unashuka. Wanawake walijifunza saa hizo haraka. Walijua kwamba jioni hufui nguo kwenye mawe ya chini, na kwamba Jumapili, karakana ikiwa imefungwa, mto unakuwa mdogo kuliko siku zote.

Kisha yale maji yalikuwa safi mno. Zamani Kilombwe ilikuwa nyekundu wakati wa mvua, ikafurika kwenye bustani za ukingoni na kuacha tope ambalo mahindi na maboga yalilipenda. Sasa tope lilizama ziwani, nyuma ya ukuta. Maji yaliyotoka chini hayakubeba kitu, basi yakachukua popote yalipoweza: yalikula mchanga wa kitanda cha mto, yakachimba kingo, shamba la bibi yangu likakatika na kuanguka mtoni vipande vipande.

Na samaki. Mvua za kwanza zikinyesha, kambale na wale wenye magamba makubwa hupanda mto kwenda kutaga. Walipanda kama walivyopanda siku zote, wakafika chini ya nyumba ya mashine mahali maji yanapotoka kwa kasi, wakasimama hapo, vichwa vyao vikielekea ukutani. Hapakuwa na njia. Walijazana dimbwini kwa mamia. Mwaka wa kwanza watu wa Mwadi walishangilia, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuvua kwa urahisi hivyo. Mwaka wa pili samaki walikuwa wachache zaidi. Mwaka wa tatu bibi yangu alianza kuhesabu.

Bibi huyo, mama yake mama yangu, aliitwa Phébé. Alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti nzito, na katika uvuvi wa vikapu wanawake wote wa Mwadi walimfuata. Baba yangu alimheshimu kwa njia pekee ambayo mwanamume anamheshimu mama mkwe kwetu: hakumsemesha. Hakumtazama usoni. Akimwona njiani aliingia majanini mpaka apite. Walikuwa na miaka kumi na moja ya ukwe na hawakuwa wamebadilishana neno hata moja ila kupitia kinywa cha mama yangu.

Mwaka 1954 kiangazi kilikuwa kirefu. Ziwa lilishuka, na kwa majuma mawili mji ulipewa umeme nusu. Mkuu wa mtambo, Mbelgiji aliyeitwa Delvigne, alikaripiwa kwa barua kutoka juu. Mvua zilipoanza mwishoni mwa Oktoba, aliamuru mlango wa ukuta ufungwe kabisa na kila tone lihifadhiwe. Ziwa likapanda. Katikati ya Novemba lilikuwa limefika mstari mwekundu wa kikomo, na bado hakutaka mlango ufunguliwe.

Jumamosi baba alimwendea na daftari lake la vimo.

"Bwana, kule juu ya mto mvua iko nanyesha siku tatu. Tufungue kidogo leo, tushushe ziwa. Mvua mukubwa ikikuya, tutakuwa na nafasi."

Delvigne hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Alitazama daftari kwa muda mrefu.

"Isaïe, hii mayi njo umeme," akasema, yaani ndiyo umeme. "Nikiimwaga leo na mvua ikakatika kesho, nitajibu nini? Acha."

"Na mulango ya chini?"

Delvigne alifunga daftari. Mlango wa chini, uliowekwa kwenye mguu wa ukuta ili kusukuma nje mchanga, ulikuwa umejaribiwa mwezi wa Agosti. Haukusogea. Miaka mitatu ya tope la Kilombwe, lile lile lililokosekana Mwadi, lilikuwa limeukalia na kuufukia. Ukuta ulibaki na mlango mmoja tu, ule wa juu, wa kunyanyuliwa kwa mkono wa chuma unaozungushwa na watu wawili.

Jumapili, baada ya ibada, mvua ilinyamaza kwa saa chache na jua likatoka kali. Mama yangu alinichukua mimi kwenda Mwadi kumsalimu bibi. Tulikuta kijiji kitupu. Wote walikuwa dimbwini, chini ya nyumba ya mashine: watu arobaini hivi, wengi wanawake, maji yakiwafika mapajani, vikapu vikiinuka na kuzama. Kaka yake bibi, mzee Kyabu, alikuwa ametega wavu wake kwenye jabali lililo katikati ya mto. Mama aliniweka ukingoni nilinde vitambaa vyao.

Saa tisa kasorobo radi ilipiga mahali fulani upande wa Kamina. Sisi tuliiona tu, mbali, mstari mweupe. Lakini ilikuwa imepiga nguzo za umeme, na laini ikakatika.

Ndani ya nyumba ya mashine, Ambroise, fundi wa zamu, aliona mshale wa mzigo ukianguka kwenye sifuri. Gurudumu ambalo halina mzigo linataka kukimbia mpaka livunjike. Mtambo wa kulinda mwendo ukafunga vibao, kama ulivyopaswa kufanya, na maji ya bomba yakazibwa. Mimi niliona upande wa pili wa jambo hilo: yale maji meupe yaliyokuwa yakichemka chini ya nyumba ya mashine yalitulia, yakapungua, yakakoma. Dimbwi lilianza kushuka mbele ya macho yetu. Migongo ya samaki ikatokea juu.

Watu walipiga vigelegele. Wakaingia katikati, mahali ambapo siku nyingine hakuna anayethubutu. Hata mama yangu alifunga kitenge vizuri akaingia.

Ukutani, baba alikuwa peke yake na walinzi wawili. Alijua laini imekatika, kwa sababu taa ya kibanda chake ilizimika, na aliponyanyua simu ya kuongea na Ambroise haikulia. Waya wake ulipitia Kamina kwanza, kwenye nguzo zile zile. Alikwenda kutazama mti wa namba unaopimia kimo cha maji. Maji hayakuwa yakitoka tena popote, si kwa bomba, si kwa mlango, na mto wa juu ulikuwa ukileta mvua ya siku tatu. Rangi ya ziwa ilikuwa imebadilika kuwa ya matofali. Magogo yaliingia yakizunguka.

Alisoma namba. Akahesabu dakika tano. Akasoma tena.

Delvigne alifika kwa gari akiwa na shati la Jumapili. Baba alimwonyesha: sentimita thelathini na nane kutoka majini mpaka juu ya tuta la udongo, na maji yanapanda sentimita moja kila dakika.

Ukuta wa saruji unaweza kumwagikiwa na ukasimama. Udongo hauwezi. Maji yakishapita juu ya tuta yanachimba mfereji, mfereji unakuwa bonde, na ziwa zima linashuka mara moja. Hakuna aliyehitaji kulieleza hilo. Delvigne alikuwa ameshika mkono wa chuma kabla baba hajamaliza.

"Fungua! Fungua yote!"

Baba aliweka kiganja chake juu ya meno ya mtambo.

"Bwana, bantu beko mu mayi."

"Bantu gani?"

"Ba Mwadi. Leo ni Siku ya Mungu. Banavua kule chini ya nyumba ya mashine. Tukifungua yote, hakuna mutu atatoka."

"Na tuta ikivunjika, kuko mutu atatoka?" Delvigne alipiga kelele. "Kunyanyua mulango mpaka mwisho inakamata dakika makumi mbili! Tusipoanza sasa tunachelewa. Toa mukono!"

Baba aliniambia kwamba hapo akili yake ilitulia ghafla, kama siku za pampu, bomba linapopasuka na wengine wanakimbia. Hakutoa mkono wake. Alisema:

"Anza sasa. Lakini anza na kidogo, kiganja moya tu. Mayi ya kiganja moya itafika kule na urefu wa goti, itabaonya. Baki pale pale dakika kumi na tano. Kiisha, fungua yote. Minyi nashuka na kinga."

Kinga ni baiskeli. Delvigne alitazama ziwa, alitazama saa yake.

"Dakika kumi," akasema. "Kumi, Isaïe. Sitangojea moya zaidi."

Njia ya kufuata bomba, isiyopitika kwa gari, ilikuwa tope tupu. Baba alipanda baiskeli mahali palipowezekana, akaibeba begani mahali pasipowezekana, kisha akaitupa. Upande wake wa kulia, chini kwenye kitanda cha zamani cha mto, ambacho kilikuwa kimekauka tangu ukuta ujengwe, alisikia maji ya kiganja kimoja yakishuka kati ya mawe. Yalikuwa yanakwenda naye sambamba. Alijua kwamba yanasimama kujaza kila shimo kwanza, na hilo ndilo tumaini alilokuwa nalo.

Mimi nilimwona akitokea nyuma ya nyumba ya mashine bila viatu, shati limechanika.

"Mutoke! Mutoke mu mayi! Mulango inafunguka!"

Wachache waligeuka. Radi zilikuwa zikinguruma mfululizo kule juu na watu wenyewe walikuwa wakipiga kelele za furaha. Mwanamke mmoja alicheka.

"Mayi inakuyaka mangaribi, taa zikiwaka, Baba Léonie! Leo ni Siku ya Mungu, karakana imefungwa!"

"Laini imekatika! Ziwa iko nayala mpaka juu! Mutoke!"

"Basi njo mayi imekufa! Ona!" Akanyanyua kambale mkubwa kwa mikono miwili.

Walikuwa na haki ya kutomwamini. Miaka mitatu mto ulikuwa umewafundisha saa zake, na saa hizo zilikuwa za kweli, mpaka siku hiyo. Mama yangu alianza kutoka, akivuta wawili watatu. Wengine wote walimtazama bibi, na bibi, akiwa katikati kabisa, maji kiunoni, alikuwa amempa baba mgongo kama desturi inavyotaka. Mkwe anapokaribia, mama mkwe hageuki.

Baba alisimama ukingoni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Kisha akaingia majini.

Watu walimfungulia njia kwa mshangao. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe wake, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamgeuza, akamtazama usoni.

"Mama," akasema. "Mayi inakuya. Toka nabo."

Vikapu vyote vilisimama. Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ilikuwa kama amevua nguo mbele ya watu. Bibi alimtazama, na alichokiona usoni mwake sijui, ila aliachia kikapu chake. Kikaelea na samaki wote waliokuwamo.

"Mutoke," akasema kwa ile sauti yake nzito. "Wote. Sasa."

Nao wakatoka. Walisukumana, walianguka, waliacha vikapu, walivuta wazee kwa mikono. Ambroise, aliyesikia kelele, alitoka nje na nyundo akawa anapiga pipa la mafuta tupu bila kujua bado sababu. Tulikuwa tumefika nusu ya ukingo pale maji ya kwanza yalipotokea kwenye kona, mekundu, yakisukuma povu na majani makavu. Yaliwafika magotini wale wa mwisho. Mwanamke yule aliyecheka alipiga yowe.

Ng'ambo ya maji yale, kwenye jabali, mzee Kyabu alikuwa akifungua wavu wake.

"Acha wavu!" bibi alimwita. "Kyabu! Acha!"

Alinyanyua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Wavu ule aliusuka kiangazi chote. Fundo moja lilikuwa limekaza, akatoa kisu. Baba aliingia tena, maji yakiwa mapajani, akafika nusu, akateleza, akasimama. Alikuwa akihesabu moyoni. Aliniambia alikuwa amefika dakika ya kumi na nne tangu aondoke ukutani. Kyabu alikata kamba, akaukunja wavu begani, akashuka kwenye jabali.

Sikusikia maji makubwa yakija, kwa sababu nilidhani ni radi. Niliona kwanza miti ya kona ikiinama. Ambroise na mama yangu, waliomfuata majini, walimvuta baba kwa shati na kwa nywele mpaka ukingoni. Nilipotazama tena, jabali halikuwapo, na mzee Kyabu hakuwapo.

Maji yalipanda mpaka kizingiti cha nyumba ya mashine. Kule juu, walieleza baadaye, ziwa lilifika sentimita kumi na moja kutoka juu ya tuta, likasimama hapo kwa saa nzima, kisha likaanza kushuka. Delvigne na walinzi wawili walikuwa wamekaa chini matopeni, viganja vyao vikitoka damu.

Kyabu alionekana siku ya pili, chini sana ya kijiji.

Katika ripoti iliyoandikwa, baba alikuwa "ameacha kituo chake wakati wa hatari". Alitolewa ukutani, akapewa kufagia majani kwenye vyuma vinavyochuja maji mbele ya bomba. Delvigne mwenyewe aliandika ripoti hiyo. Miezi miwili baadaye aliandika nyingine, ndefu, ambayo ndani yake alisema lile la Jumamosi, kwamba alishauriwa kushusha ziwa na akakataa. Hakuna aliyemlazimisha. Alirudishwa Ulaya mwaka huo huo. Baba hakuwahi kumsema vibaya, na mama yangu hakuwahi kumsema vizuri.

Lakini kitu kilichomnyima baba usingizi hakikuwa ripoti. Alikuwa amemshika mama mkwe wake mbele ya watu, na mtu wa nyumba hiyo amekufa. Baada ya matanga alikwenda Mwadi na kuku mweupe, akakaa nje ya ua, uso chini, mama yangu akiwa kati yao kupeleka maneno.

"Mwambie mama nimekuja kuomba musamaha," alisema.

Mama alifungua kinywa. Bibi alimnyamazisha kwa mkono, akaleta kigoda chake, akakiweka mbele ya baba, akakikalia.

"Salomé, kaa," akasema. "Leo nitauliza minyi mwenyewe. Isaïe, weye njo mutu ya ile ukuta. Sema kweli. Ile mayi itakuya tena vile?"

Baba alijibu akitazama ardhi. "Itakuya, mama. Si kila mwaka. Lakini laini itakatika tena, na mvua itanyesha tena."

"Saa gani?"

"Hakuna saa. Saa munajua ni ya taa. Hii ingine haina."

"Na samaki? Mwaka huu nilihesabu vikapu makumi tatu kabla ya ile siku. Mwaka wa kwanza, hata bila kuhesabu, ilikuwa zaidi ya mia. Batarudi?"

Mama yangu alisema kwamba alitamani baba adanganye kidogo. Hakudanganya.

"Wale banapanda kutaga juu, mama. Ukuta haina mulango ya samaki. Wazee bakikufa, na batoto habazaliwe, itakwisha. Ile tope ya bustani pia haitarudi. Iko ndani ya ziwa. Nimeipima na mti, urefu ya mutu mbili."

Kisha bibi akauliza jambo ambalo baba hakulitarajia.

"Ukitaka kufungua ule mulango, unaweza kutuambia mbele?"

Baba alirudi kazini na swali hilo. Hakuwa na cheo chochote, alikuwa mfagia majani. Hata hivyo aliomba kipande cha reli kutoka kwa rafiki zake wa zamani wa stesheni, na yeye na Ambroise walikitundika nje ya nyumba ya mashine kama kengele. Mkuu mpya, aliyekuwa amesoma ripoti zote mbili, alikubali: reli ipigwe nusu saa kabla ya mlango kuguswa, mlango ufunguliwe kiganja kimoja kwanza, na kila Novemba ziwa lishushwe mita moja ili mvua ipate pa kukaa. Kiangazi kilichofuata walileta wazamiaji wakauchimbua mlango wa chini. Ulipofunguliwa, tope lililotoka lilikuwa jeusi na lenye harufu mbaya, likaua samaki wachache waliobaki kwa umbali wa siku nzima ya kutembea. Baba alikuwa amewaomba wafungue wakati wa mvua, polepole, maji mengi yachanganyike na tope. Safari hiyo hawakumsikiliza. Mwaka uliofuata walimsikiliza. Alirudishwa ukutani mwaka 1956.

Mwadi haikupona. Familia moja baada ya nyingine ziliondoka, nyingine kuja Kamina kutafuta kazi ya reli, nyingine kwenda mbali zaidi, Mulongo, kwenye mto mkubwa. Bibi Phébé alikuwa kati ya hao wa mwisho. Alisema hajui kazi nyingine, na hataki kujifunza.

Tulimtembelea mwaka 1958, baba alipopata likizo. Tulifika Mulongo kwa mtumbwi, alasiri. Lualaba, ndio ule mto mkubwa, ilikuwa imejaa, pana mpaka ng'ambo haionekani vizuri, yenye rangi ya chai ya maziwa. Wanawake walikuwa wakianika samaki kwenye vichanja. Bibi alituma chakula kwa mkono wangu, bugali na kambale wa kukaushwa, kisha akarudi nyuma ya nyumba, kwa sababu mkwe wake alikuwa amekuja.

Baba alikula mpaka akamaliza. Baadaye alishuka mtoni, akakunja suruali, akasimama kwenye maji ya ukingoni. Alichota tope kwa kiganja, akalisugua kwa kidole gumba kama mtu anayepima unga.

"Huko juu ya hii mto, upande wa Kolwezi, balijenga kuta pia," akaniambia. "Mukubwa kupita yetu."

"Na hapa itakuwa kama Mwadi?"

Alilitazama tena lile tope. "Hapa mito mingi inaingia. Itachelewa," akasema. Akaosha mkono wake, akaniomba niende kumwambia bibi kwamba chakula kilikuwa kitamu.